Embago ikiisha usiku wa manane: jinsi ninavyoandika mwaliko wa mkutano na waandishi wa habari

Wiki iliyopita msomaji mmoja, dada anayefanya kazi ya mawasiliano kwenye taasisi ya utafiti wa afya, alinitumia ujumbe. Makala ya watafiti wao imekubaliwa na jarida la Uingereza, embago, yaani katazo la kutangaza kabla ya saa iliyowekwa, inaisha Jumanne saa 5:30 usiku, na mkurugenzi wake anataka mkutano na waandishi wa habari Jumanne hiyohiyo saa 4 asubuhi, mjini Dar es Salaam. Aliniuliza mwaliko uandikweje. Nilimpigia simu tukaongea hadi salio likakata, na nikaona niyaandike hapa, kwa sababu kazi hii nimeifanya miaka mingi na najua wengi mko alipo yeye.

Nilimwambia kwanza asiandike mwaliko. Ajue kwanza ile saa 5:30 ni ya wapi. Jarida la Uingereza linatumia saa za London, na London hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mwezi Julai wako nyuma yetu kwa saa mbili, mwezi Januari kwa saa tatu. Kwa hiyo saa 5:30 usiku ya London mwezi Julai ni saa 7:30 usiku kwetu, na tayari ni Jumatano. Ingekuwa Januari ingekuwa saa 8:30. Jarida la Nature, kwa mfano, huachia habari zake saa 10 jioni ya London, ambayo kwetu ni saa 12 jioni wakati wa kiangazi chao na saa 1 usiku wakati wa baridi yao. Ukikosea saa moja hapo, umewaambia waandishi wote watangaze kabla ya wakati, na jarida halitamlaumu mwandishi, litakulaumu wewe.

Sasa ule mkutano wa Jumanne asubuhi. Embago ni makubaliano: mwandishi anapewa nyaraka mapema ili asome, aulize, aandike vizuri, naye anakubali kutotangaza hadi saa iliyotajwa. Inafanya kazi kwa mtu mmojammoja aliyekubali. Haifanyi kazi kwenye ukumbi wenye televisheni za mtandaoni. Hawa ndugu zetu wanafunga simu kwenye stendi na kurusha mubashara kabla hata msemaji hajaketi, na hawavunji sheria yoyote, maana wamealikwa kwenye mkutano wa wazi. Huwezi kumwita mtu hadharani kisha ukamtaka anyamaze kwa zaidi ya saa kumi na tano. Kwa hiyo mkutano unasogea hadi Jumatano saa 4 asubuhi, embago ikiwa imeshaisha, na nyaraka ndizo zinazotangulia, Jumapili au Jumatatu, kwa waandishi waliojibu kwa maandishi kwamba wamekubali.

Mkurugenzi atalalamika kwamba magazeti ya Jumatano yatakosa habari. Ni kweli kwa sehemu, kwa sababu gazeti la Jumatano linachapwa usiku wa Jumanne. Wahariri wengine watakuambia gazeti lao linafika mtaani alfajiri, baada ya saa 7:30, kwa hiyo hawajavunja kitu. Tatizo ni toleo la mtandaoni la gazeti hilohilo, ambalo mara nyingi linapandishwa mapema. Uliza jarida lenyewe kama linaruhusu, upate jibu kwa maandishi, kisha umpe mhariri sharti moja kwamba toleo la mtandaoni lisubiri. Redio ndiyo inayofaidika zaidi na mpangilio huu. Vipindi vya asubuhi vinaanza saa 12, na mtangazaji aliyepewa nyaraka Jumatatu na sauti ya mtafiti iliyorekodiwa mapema anakuwa na habari kamili wakati watu wako kwenye daladala. Hapo vyombo vya nje haviwatangulii wetu. Nimeona matokeo ya utafiti uliofanywa kwenye damu ya watoto wetu yakisikika kwanza kutoka Ulaya kwa sababu tu ofisi ya hapa haikuwatumia waandishi wa hapa nyaraka chini ya embago, ikidhani hawataiheshimu. Dharau hiyo siivumilii.

Na niseme lililoniuma. Kwenye kazi moja niliyoisimamia, embago ilivunjika jioni ya kuamkia siku yenyewe. Simu zikaanza, na kila mtu ofisini akasema ni waandishi, hawaaminiki. Nilifungua ile picha iliyokuwa inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp nikaikuza. Nyaraka za waandishi nilikuwa nimeziwekea juu ya kila ukurasa neno EMBAGO kwa herufi nyekundu pamoja na jina la chombo kilichopewa. Iliyovuja haikuwa na neno lolote. Ilikuwa nakala ya wajumbe wa bodi. Kiongozi mmoja aliipeleka kwa marafiki zake kwa furaha, na hakuna aliyeniomba radhi mimi wala wale waandishi waliotukanwa. Tangu hapo nakala ya bodi nayo naiwekea alama, kila mjumbe na jina lake, na ninamwambia uso kwa uso saa ambayo habari inakuwa ya wote. Ikivuja, usianze kutafuta mchawi. Lijulishe jarida mara moja, likisema embago imeondolewa, watumie waandishi wote ujumbe huohuo kwa wakati mmoja, ili aliyetii asiadhibiwe kwa utii wake.

Kuhusu wazungumzaji, watatu wanatosha, na angalau mmoja aeleze matokeo kwa Kiswahili cha kueleweka. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku inahitaji sauti ya sekunde ishirini hivi. Profesa aliyeeleza kila kitu kwa Kiingereza anamlazimu mwandishi asome mwenyewe maelezo juu ya picha, na habari inafupishwa. Mimi hukaa na mtafiti siku mbili kabla, namwuliza swali lilelile hadi ajibu bila kusema "kitakwimu". Halafu kuna mgeni rasmi. Ukimweka kiongozi mkubwa, mkutano wa saa 4 utaanza atakapofika, na atakapofika kutakuwa na salamu za itifaki kwa kila aliyeketi meza kuu. Kamera ya televisheni moja inazunguka kwenye kazi tatu kwa siku. Ikifika saa 5:30 hamjaanza, mpiga picha anafungasha, na hana kosa. Mwandishi hakuja harusini asubiri wali. Kama kiongozi ni lazima awepo, mpe nafasi ya mwisho, na mwaliko useme wazi kwamba matokeo yataelezwa saa 4:10 na watafiti.

Ithibati ni mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ya kwanza ni ya taaluma: Tanzania, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ndiyo iliyoanzisha Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, na Kenya Baraza la Vyombo vya Habari ndilo linalotoa vitambulisho. Ya pili ni ya mlangoni, yaani orodha yako mwenyewe. Mkutano ukiwa ndani ya hospitali, bandari au jengo la serikali, mlinzi hajui embago wala utafiti, anajua orodha. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, chombo, jina la mpiga picha, jina la dereva na namba ya gari. Chumba cha habari hubadilisha timu asubuhi, mwandishi anapelekwa kwenye ajali na mwingine anakuja kwako. Kwa hiyo acha nafasi ya mabadiliko hadi saa 2 asubuhi, na mtu wako asimame getini na simu yenye chaji, si ukumbini akipanga maua.

Mwaliko wenyewe uwe wa ukurasa mmoja, na uandikwe ndani ya ujumbe, si kiambatisho tu, kwa sababu mhariri anausoma kwenye simu. Huu ndio niliomwandikia yule dada:

MWALIKO KWA VYOMBO VYA HABARI
Kuhusu: Matokeo ya utafiti wa malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano
Siku: Jumatano, 15 Julai 2026
Saa: 4:00 asubuhi kamili (10:00, Saa za Afrika Mashariki). Kamera na redio zifike saa 3:30 kufunga vifaa. Mwisho saa 5:00.
Mahali: Ukumbi wa mikutano, ghorofa ya 3, jengo la utawala, Upanga. Mlango ni wa upande wa maegesho.
Wazungumzaji: Mtafiti mkuu (Kiswahili na Kiingereza), daktari wa watoto aliyesimamia wodi (Kiswahili), mkurugenzi wa taasisi.
Mahojiano ya mmojammoja: saa 5:00 hadi 5:45.
Ithibati: Tuma majina ya timu, chombo na namba ya gari kabla ya Jumanne saa 10 jioni. Njoo na kitambulisho cha uandishi.
Embago: Nyaraka zinapatikana kuanzia Jumatatu kwa atakayejibu "Nimekubali embago". Hazitangazwi, hazichapishwi wala kuwekwa mtandaoni kabla ya usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, saa 7:30 usiku (01:30).

Angalieni mambo mawili humo. Mstari wa "Kuhusu" unasema mada bila kutoboa matokeo, kwa maana mwaliko wenyewe hauna embago na utasambaa. Na saa imeandikwa kwa namna zote mbili, ya kwetu na ya tarakimu ishirini na nne, kwa sababu mwakilishi wa shirika la nje akisoma "saa 4" anaweza kufika alasiri. Kwa embago tumia "kuamkia", kwa kuwa "Jumatano saa 7:30 usiku" pekee inaweza kumpeleka mtu usiku wa siku inayofuata.

Nauli siitaji kwenye mwaliko. Kama taasisi ina utaratibu wa kurejesha nauli, irejeshe kwa kiwango kimoja, kwa kusaini, kwa kila aliyefika, iwe ameandika au hakuandika. Waandishi wengi wanalipwa kwa habari iliyotoka, hawana mshahara, na kuwazungusha na bahasha mbele ya wenzao ni kuwadhalilisha. Anayetaka habari ya sifa kwa bahasha aende akanunue tangazo.

Mwaliko unaondoka Jumatano ya wiki iliyotangulia, kwa barua pepe ya mhariri wa habari na kwa mwandishi wa afya binafsi, kwa sababu mmoja ndiye anayepanga gari na mwingine ndiye anayeitetea habari kwenye kikao. Jumanne mchana, kati ya saa 8 na saa 10, unapiga simu dawati la habari, kwani muda huo ndipo ratiba ya kesho inapopangwa. Usiulize kama walipata mwaliko. Uliza timu yao ina nani na nani, uwaandike kwenye orodha ya getini wakiwa bado kwenye simu.