Kadi 412, malipo lita 400

"Kadi yangu ya maziwa ya mwezi ina 412, ushirika umelipa lita 400. Bei ni 1,000 kwa lita lakini nimepokea 318,000. Nani kanipiga?"

– Umeongeza maji tu. Laktomita haidanganyi.

– Hudanganya, ndugu yangu. Maziwa yaliyotoka kukamuliwa bado yana joto, laktomita husoma chini kana kwamba yametiwa maji wasiporekebisha kwa joto la maziwa. Muulizaji, kituoni wanapima kwa mizani? Lita moja ina takribani kilo 1.03, kilo 412 ukigawa kwa 1.03 ni lita 400. Hapo hujapunjwa. Kama wanapima kwa lita, linganisha kadi na daftari la karani siku kwa siku: maziwa yakikataliwa baada ya kadi kujazwa, daftarini yanafutwa, kadini yanabaki.

Makato ni 82,000. Una risiti za nini?

– Pumba 50,000, dawa 20,000.

– Inabaki 12,000. Ni sawa na lita 60 zilizoshushwa daraja kwa shilingi 200 kila lita. Dai tarehe na kipimo cha kila siku iliyoshushwa.

– Sisi Kongwa tunakatwa hisa pia, hawaandiki popote.

– Basi na hiyo aiulizie.