Mbona leza ya 850 na gepu ni ya 873?

"Gepu ya GaAs ni 1.42 eV, hiyo ni nm 873, sasa mbona leza yangu inasoma 850?"

Mkuu hiyo ni kazi ya unene wa kisima, yaani lile tabaka jembamba la GaAs linalonasa elektroni. GaAs yako imebanwa katikati ya AlGaAs yenye alumini kama 30%, gepu yake, yaani pengo la nishati, iko 1.8 eV hivi, kwahiyo pande zote kuna ukuta, na ukuta wa elektroni ni mrefu kuliko wa matundu, yaani nafasi zilizoachwa wazi na elektroni, karibu theluthi mbili kwa moja. Sasa kisima kikiwa cha nm 10 elektroni haiwezi kukaa chini kabisa, inapanda kama 0.03 eV na tundu nalo linasogea kidogo, kama 0.007, jumlisha na gepu upate karibu 1.46, gawanya 1240 kwa hiyo, unaona 850 hiyo hapo.

Jamaa wa juu anayesema alumini imeingia ndani ya kisima hajakosea sana, nayo inafupisha wimbi, ila unene peke yake unatosha kueleza hii.

Dada uliyeuliza kuhusu transista za dishi, yako ni tofauti kidogo: pale dopanti, yaani atomi zinazotoa elektroni, zinawekwa upande wa AlGaAs, elektroni zinamwagikia GaAs kulikotulia na zinakimbia bila kugongana na dopanti zilikotoka.

Halafu mkuu, ulipima leza ikiwa imepoa? Ikipata joto inasogea kurudi kwenye wimbi refu, usije ukakilaumu kisima bure.