Vikombe vinazunguka, usomaji ni 0

"Nikipuliza vikombe vya kipimaupepo changu vinazunguka vizuri. Mbona kituo cha hali ya hewa kinaonyesha 0 asubuhi na majani yanatikisika?"

– Tia mafuta tu, changu kilipona.

– Mafuta mazito huongeza msuguano, hasa alfajiri ya baridi. Na pumzi yako ina nguvu kuliko upepo huo mdogo, kwa hiyo haikuonyeshi beringi iliyochakaa. Funga kando yake kipimaupepo kilichosawazishwa, kimo kilekile, visikingiane, siku chache. Linganisha wastani wa dakika 10. Chako kikibaki nyuma kwenye 1 hadi 2 m/s lakini kikawa sawa kwenye 6, shuku beringi. Kikipungukiwa kwa uwiano uleule kasi zote, kagua kizidisho kwenye kirekodi.

– Changu husema kaskazi inatoka kusini!

– Hicho ni kishale cha mwelekeo wa upepo, ndugu, kimefungwa kinyume.