Kulinganisha malengo ya adhabu: anza na Muruatetu

"Nina insha fupi ya kulinganisha kuzuia uhalifu, kulipiza na kurekebisha. Kila nikiandika inakuwa maana tupu za maneno. Nifanyeje?"

Ndugu, chukua kesi moja uyashindanishe malengo hayo humo. Mimi ningechukua ya Francis Muruatetu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Upeo ya Kenya Desemba 2017. Kabla yake, aliyepatikana na hatia ya mauaji alihukumiwa kifo tu; jaji hakuwa na hiari.

Sasa mfikirie kijana wa miaka 19, asiye na kosa la awali, aliyeua katika ugomvi wa ghafla, na jambazi aliyepanga mauaji kwa miezi. Wote walipata hukumu ileile. Wengi huandika kwamba huko ndiko kulipiza. Sikubaliani. Kulipiza hudai adhabu ilingane na lawama, na lawama za hawa wawili hazilingani hata kidogo, kwa hiyo sheria ile ilikiuka lengo lililodaiwa kuitetea.

Kuzuia nako kulilegea: Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na anayepigana kwa hasira hapigi hesabu ya adhabu. Kinachotisha zaidi ni uhakika wa kukamatwa.

Kurekebisha ndiko kulikofungiwa mlango kabisa. Mahakama ilipoifuta hukumu hiyo ya lazima, ilitaja mambo ya kupimwa, yakiwemo umri, majuto na uwezekano wa kubadilika. Lakini hukumu ya kifo yenyewe haikufutwa. Wanafunzi wengi hukosea hapo.