Kanga inaungua rangi ukipandisha guidance_scale: angalia kwanza maelezo matupu yanatoa nini

*"Wakuu, nimefundisha Stable Diffusion 1.5 kwa picha za kanga nilizopiga maduka ya Mtaa wa Uhuru. Kwenye 7.5 kanga inatoka, ila mji hauna korosho nilizoomba. Nikipanda hadi 15 korosho zinakuja lakini rangi zinaungua, nyekundu inawaka kama taa. Nishike namba ipi?"*

Mkuu, namba peke yake haitakutoa hapo. Kila hatua modeli inatazama picha ileile yenye kelele mara mbili na kukadiria kelele iliyomo: mara moja ikiwa na maelezo yako, mara ya pili ikiwa na maelezo matupu. Kisha makadirio yanachanganywa hivi:

```python
eps = eps_u + s * (eps_c - eps_u)
```

`eps_u` ni ya maelezo matupu, `eps_c` ni ya maelezo yako, `s` ndiyo `guidance_scale`. Mambo yote yako ndani ya mabano: ile tofauti ni kile ambacho maneno yako yameongeza. `s` ikiwa 1, `eps_u` inajifuta, unabaki na `eps_c` tupu. Ikizidi 1, tunapita `eps_c` na kuendelea mbele upande uleule. Ukisoma andiko la Ho na Salimans, walioleta njia hii mwaka 2021, wao wanatumia `w`, na `s` yako ni `1 + w`. Usilinganishe namba zao na zako moja kwa moja.

Sasa kuungua. Chukua nukta moja, hatua za mwanzo, kelele ikiwa imejaa na sehemu ya picha halisi iliyobaki ina uzito wa 0.1 tu. Tofauti ndani ya mabano iwe ndogo sana, 0.01. Ili kukisia picha safi, hesabu inaondoa kelele halafu inagawa kwa 0.1, kwa hiyo kila kosa linakuzwa mara 10. Kwa `s` ya 1 nukta imesogezwa kiasi cha 0.1, hakuna shida. Kwa 15 imesogezwa 1.5. Thamani za picha ndani ya modeli hii zimepimwa ziwe na mtawanyiko wa karibu 1, hivyo nukta nyingi zinatupwa nje ya eneo ambalo modeli iliwahi kuliona. Zikirudishwa kuwa rangi, nyekundu inagonga ukingo. Hiyo ndiyo taa unayoiona.

Lakini kwa nini korosho zidai 15? Hapa ndipo ningeweka nguvu. Toa picha kadhaa kwa `prompt=""` na `guidance_scale=1`. (Usiweke 0 ukidhani utapata ya maelezo matupu: kwenye diffusers mchanganyiko unazimwa `s` isipozidi 1, na unapata `eps_c`.) Kazi za vitambaa nilizofanya hapa Dar, kipimo hiki ndicho kilichonionyesha tatizo mapema kuliko kingine chochote.

Zikitoka sura za watu, mbwa na barabara, basi maelezo matupu bado ni ya modeli mama. Tofauti yako imebeba ukanga wote: kitambaa, pindo, nyekundu na nyeusi, na korosho ni kipande kidogo tu humo. Ukizidisha kwa 15 ili korosho zisikike, umezidisha na nyekundu kwa 15. Zikitoka kanga za aina yoyote, tofauti inabeba korosho zaidi, na 5 au 6 yaweza kutosha.

Dawa ni kufuta maelezo ya baadhi ya picha wakati wa kufundisha, ili modeli ijifunze kanga isiyo na maneno. Modeli mama yenyewe ilifundishwa kwa kufuta asilimia 10:

```python
if random.random() < 0.1:
    caption = ""
```

Kama huwezi kufundisha upya leo, andika maelezo ya jumla uliyotumia kwenye picha zote, mfano `kanga`, ndani ya `negative_prompt`, na `kanga, mji wa korosho` kwenye `prompt`. Maelezo hasi huchukua nafasi ya yale matupu, kwa hiyo sasa unatoa kanga kwenye kanga na kinachobaki ni korosho. Inafanya kazi vizuri ikiwa baadhi ya picha zako za mafunzo hazina korosho. Kama zote zinazo, modeli haina namna ya kuzitenganisha na kanga yenyewe, na tofauti itakuwa karibu sifuri.

`guidance_rescale=0.7` nayo ipo. Inarudisha mtawanyiko wa `eps` karibu na ule wa `eps_c`, na nyekundu itatulia. Ila inatibu rangi tu, haigusi kilichomo kwenye tofauti, kwa hiyo iache mwishoni.

Jina la kanga usilitafute kwa kupandisha `s`. Modeli hii haijui kuandika herufi zikasomeka, na mwongozo hukuza kile modeli inachokijua tu. Acha nafasi tupu juu ya pindo la chini, maandishi uyaweke baadaye kwa fonti.