Akigongwa kichwa, anatoka: maswali ya makocha wa shule

“Mchezaji wangu aligongana vichwa na mpinzani wakipigania mpira wa juu. Hakuzirai, akainuka mwenyewe. Nilikosea kumwacha aendelee?” Mwalimu wa michezo, Kayole

Ulikosea, mwalimu, na mimi nimewahi kukosea hivyo hivyo. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazirai kabisa. Wanaozirai ni chini ya mmoja katika kumi. Tazama zile sekunde za mwanzo. Je, alianguka bila kujikinga kwa mikono? Aliinuka polepole, akapepesuka, akashika kichwa? Macho yanakutazama lakini ni kama hayakuoni? Moja tu ya hizo inatosha. Inatosha pia akikwambia kichwa kinamuuma, ana kizunguzungu au anasikia kichefuchefu. Kazi yako si kuthibitisha kwamba ameumia. Ni kushuku tu, kisha kumtoa.

Ila akiwa bado amelala chini, usimvute wala kumwinua. Muulize kwanza kama shingo inamuuma, au kama mikono na miguu ina ganzi au imelegea. Akikubali lolote kati ya hayo, mwache hapo hapo, kichwa kikiwa kimeshikwa kisitikisike, mpaka wahudumu wa ambulensi wafike.

“Kwenye raga ya televisheni mchezaji anatolewa, anapimwa, anarudi baada ya dakika 12. Wangu alijibu maswali yote vizuri. Kwa nini asirudi?” Kocha, Lang’ata

Wale wa televisheni wana madaktari waliofunzwa na video za kurudia tukio. Kipimo kile ni cha raga ya juu tu. Shuleni hakipo.

Ngoja nikueleze kisa. Tulikuwa kwenye uwanja mmoja karibu na Barabara ya Ngong. Kijana wangu wa kidato cha tatu alimwangusha mpinzani, kichwa chake kikagonga nyonga ya yule. Akainuka haraka, nikashusha pumzi. Mpira ukatoka nje, na wachezaji walipojipanga kungoja urushwe, akaenda kusimama na wapinzani. Nikamtoa.

Nikamuuliza maswali yanayotumika kwa kazi hii: tuko uwanja gani leo? Ni kipindi cha ngapi? Nani amefunga mwisho? Mechi iliyopita tulicheza na nani? Tulishinda? Alijibu mawili tu. Baada ya dakika kumi akayajibu yote matano, akaanza kunisihi: “Kocha, niko sawa, wallahi.” Nikakataa. Tukiwa ndani ya basi akaniuliza mechi imeishaje, ilhali filimbi ya mwisho ilipulizwa akiwa benchini anashangilia na wenzake. Baada ya muda mfupi akauliza tena, kwa maneno yale yale. Kabla hatujafika shuleni akatapika, nasi tukageuza basi kwenda hospitali.

Dalili zinaweza kujitokeza saa nyingi baadaye, hata siku mbili. Ndiyo maana jibu baya linamtoa mchezaji, lakini jibu zuri halimrudishi. Akipigwa tena ubongo ukiwa haujapona, dalili hukaa muda mrefu zaidi. Mara chache, na hasa kwa vijana, ubongo huvimba ghafla akafa.

“Kapteni na wazazi wakinishinikiza pembeni, nifanyeje?” Kocha, Umoja

Usijadiliane. Mwambie refa ametoka kwa jeraha la kichwa, ingiza wa akiba, kisha chukua viatu vyake uvikalie. Mwekee mtu mzima wa kuketi naye, maana kijana akiachwa peke yake hurudi uwanjani kisirisiri.

“Shule yetu ni ya bweni. Nasikia asiruhusiwe kulala usiku huo. Na atarudi mazoezini lini?” Patroni wa michezo, Kasarani

Alale, ila si peke yake wala kwenye kitanda cha juu. Mwalimu wa zamu au matroni apewe ujumbe kwa maandishi: amegongwa saa ngapi, na dalili zipi zimeonekana. Kichwa kikizidi kuuma, akitapika, akiona vitu viwili viwili, akipata degedege, akizidi kuchanganyikiwa au kuwa mkali, au akiwa mgumu kuamshwa, apelekwe hospitali usiku huo huo bila kungoja kupambazuke. Kwa maumivu apewe parasetamoli; aspirini na ibuprofeni ziwekwe kando siku hizo za mwanzo, kwa sababu zinaweza kuongeza damu kuvuja. Na hata kama hana dalili hizo kali, bado aonwe na daktari.

Siku moja au mbili za kwanza apumzike, simu na televisheni zipunguzwe, lakini kutembea taratibu si kosa. Masomo hurudi kabla ya michezo. Kisha anapanda ngazi kwa ngazi: kukimbia polepole, mazoezi ya mpira bila kugusana, ruhusa ya daktari, mazoezi ya kugusana, na mechi mwisho. Kila ngazi ichukue angalau siku nzima, na dalili zikirudi anashuka ngazi moja. Kwa raga ya kawaida, isiyo ya juu, shirikisho la raga duniani linataka zipite angalau siku 21 kabla ya mechi. Mimi nimeichukua hesabu hiyo hata kwa kandanda, na mechi ya fainali haijawahi kunifanya niipunguze.