Leseni ya gari na skuta ya kukodi

"Nina leseni ya gari na kibali cha kimataifa. Nikikodi skuta ya cc 125 ng'ambo nikaanguka, bima ya safari italipa?"

Fungua kibali chako kwenye ukurasa wa madaraja. Kama mhuri uko B tu na A ipo tupu, huruhusiwi pikipiki, na bima wana sababu ya kukataa bili ya hospitali. Anayesema "mbona kwenye duka la kukodisha hawaulizi leseni" yuko sahihi nusu: mwenye duka anataka pesa yake ya kukodisha. Wanaouliza ni polisi, na baadaye anayekagua madai yako.

Hata ukiwa na A, soma mkataba. Bima nyingi zina kikomo cha ukubwa wa injini, na hudai helmeti iliyofungwa mkanda hata pale sheria ya nchi ni legevu. Ile bima ya dukani mara nyingi inamhusu uliyemgonga, si mguu wako wewe.

Skuta za cc 50 ni hadithi nyingine: baadhi ya nchi huziruhusu kwa leseni ya gari, nyingine hapana. Hapo waulize bima kwa barua pepe, ubaki na jibu la maandishi.